Machi inapaa, Aprili imegoma: kukadiria mauzo ya mtindi kwa Excel

*"Shikamoo kaka. Niko ofisi ya mauzo kwenye ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Kigamboni, tunauza maziwa freshi na mtindi. Meneja anataka makadirio ya mtindi ya mwaka huu wa 2026 mwezi kwa mwezi. Nina mauzo ya kuanzia Julai 2022 mpaka Desemba 2025. Kinachonichanganya, Machi inapaa kila mwaka: lita 14,160 mwaka 2023, kisha 17,530, kisha 20,100 mwaka jana. Aprili imegoma: 14,220, 14,340, 14,490. Nimeweka FORECAST.LINEAR kwenye Machi zangu tatu imenipa 23,203, meneja anasema haiwezekani. Nimsikilize yeye au Excel? Tenki letu la mtindi ni la lita 700 kwa siku. Faili nimekutumia."*

Marahaba mdogo wangu. Msikilize meneja kwa Machi, ila usimuache atulie maana kwa Februari na Aprili hesabu yako hiyohiyo inakosea kwa upande wa pili, yani itawapa makadirio madogo kuliko mtakachouza.

Faili nimelifungua. Angalia Septemba zako tatu za mwisho kwanza: 12,930, halafu 14,420, halafu 15,850. Huo ndio ukuaji wenu wa kweli, kama lita elfu moja na mia nne na kitu kila mwaka, umetulia tu. Sasa biashara inayokua hivyo Septemba haiwezi ikawa imesimama Aprili na wakati huohuo inapaa Machi kwa lita elfu tatu kwa mwaka bila sababu, na sababu yenyewe iko ukutani kwenye kalenda. Mwaka 2023 Ramadhani ilianza tarehe 24 Machi, kwa hiyo Machi ilipata siku 8 na Aprili siku 21. Mwaka 2024 ilianza tarehe 12, Machi siku 20, Aprili 9. Mwaka jana tulianza tarehe 2 Machi, siku zote 29 zikaishia humohumo na Aprili haikupata hata moja. Kila mwaka Mwezi Mtukufu unarudi nyuma siku kama 11, Machi ikawa inazidi kunenepa kwa kula siku za Aprili, na Aprili ilichopoteza kwenye futari ikakirudisha kwa wateja wapya, ndo maana unaiona imegoma.

FORECAST.LINEAR haijui hayo, imeona namba tatu zinapanda ikachora mstari ikaendelea kupanda. Mwaka huu Ramadhani inaanza tarehe 19 Februari hivi, siku moja huku au huku kutegemea mwandamo, kwa hiyo Februari inapata siku 10 na Machi 20. Machi imeshafika kileleni mwaka jana, kuanzia sasa inapungua siku. Na usikimbilie ile Forecast Sheet au FORECAST.ETS ukidhani ni ya kitaalamu zaidi, ni nzuri kwa joto na mvua na shule kufungwa, vitu vinavyorudi mwezi uleule kila baada ya miezi 12, lakini Ramadhani hairudi mwezi uleule, nayo itaichukulia kama tabia ya Machi na kuibandika Machi milele.

Kwa hiyo kazi ni kuitoa Ramadhani kwenye data kwanza, ukadirie kilichobaki, halafu uirudishe kwenye tarehe zake za mwaka huu. Excel ya kawaida inatosha kabisa.

Panga shiti mpya, ya mtindi peke yake. Maziwa freshi yafanyie shiti nyingine, usijumlishe, kwa sababu freshi wateja wake ni wengine na mwezi wa mfungo mama lishe wa mchana wanapungua, kwa hiyo inaweza hata kushuka wakati mtindi unapanda, ukijumlisha vinafichana. Kolamu A weka tarehe ya kwanza ya kila mwezi (tarehe halisi, sio neno "Julai"), mstari wa 2 uwe Julai 2022, Desemba 2025 itaangukia mstari wa 43. B ni lita za mwezi. C siku za mwezi. D siku za Ramadhani ndani ya mwezi huo, unaziandika kwa mkono, miezi mingi ni sifuri. E lita kwa siku, na F ni lita kwa siku ukishatoa Ramadhani:

```
C2:  =DAY(EOMONTH(A2,0))
E2:  =B2/C2
F2:  =E2/(1+$L$1*D2/C2)
```

Ukisahau kugawa kwa siku, Februari itakuonea kila mwaka maana ina siku 28 na Machi 31, hiyo tofauti pekee ni zaidi ya asilimia kumi na haina uhusiano wowote na wateja. Kama kompyuta yako inakataa koma ndani ya fomula jaribu nukta mkato, ni mipangilio tu ya Windows.

Seli ya L1 ndio moyo wa shiti hii. Inasema siku moja ya Ramadhani inauza zaidi ya siku ya kawaida kwa kiasi gani. Kwa kuanzia iandike 0, maana hatujui bado, F itakuwa sawa na E. Halafu G ni kiwango cha biashara, wastani wa miezi 12 uliowekwa katikati, na H ni mwezi ukilinganishwa na kiwango hicho. Zinaanzia mstari wa 8, yani Januari 2023, na kuishia mstari wa 37, Juni 2025, kwa sababu kila mwezi unahitaji miezi sita ya nyuma na sita ya mbele:

```
G8:  =(AVERAGE(F2:F13)+AVERAGE(F3:F14))/2
H8:  =F8/G8
```

Kwa nini wastani mara mbili? Miezi 12 haina mwezi wa katikati, iko kati ya mwezi wa sita na wa saba, ukichukua dirisha mbili zilizopishana mwezi mmoja, ukajumlisha wastani wake na kugawa kwa mbili, katikati yake inaangukia kwenye mwezi wenyewe. Ni hilo tu.

Sasa tafuta ile namba ya L1. Hapa ile Aprili iliyokuchanganya ndio inatupa jibu, kwa sababu una Aprili yenye Ramadhani nyingi na Aprili isiyo nayo kabisa. Aprili 2023 mliuza lita 474 kwa siku na kiwango (G11) ni 422, H11 inasoma 1.12. Aprili 2025 ni lita 483 kwa siku, kiwango (G35) ni 518, H35 inasoma 0.93. Mwezi uleule, hali ya hewa ileile, mvua za masika zilezile. Gawa 1.12 kwa 0.93 unapata kama 1.20, yani Aprili yenye Ramadhani ilikuwa juu kwa asilimia 20. Lakini siku zenyewe zilikuwa 21 kati ya 30, yani 0.7 ya mwezi, kwa hiyo 0.20 gawa kwa 0.7 ni karibu 0.29. Siku ya mfungo mnauza mtindi asilimia 29 zaidi ya siku ya kawaida.

Usiishie hapo, pima na Machi pia. Machi 2023 ilikuwa na siku 8 na Machi 2025 siku 29, ukifanya hesabu ya namna hiyohiyo (zote mbili zina Ramadhani kwa hiyo unabadilisha L1 polepole mpaka H10 na H34 zilingane) inatoka 0.24 tu. Mwezi mtukufu uleule, wateja walewale, kwa nini Machi iseme 24 na Aprili iseme 29?

Hapa nikaingia kwenye shiti yako ya mauzo ya kila siku, ile uliyoificha mwishoni kama haina kazi. Machi 2025 kuna siku 12 zimeandikwa lita 700 kamili. Sio 698, sio 704, ni 700. Hayo sio mahitaji ya wateja, hilo ni tenki lenu. Mteja wa saa kumi na moja jioni aliyekuja na ndoo yake akakuta umeisha hakuandikwa popote. Faili la mauzo linakuambia mlichouza, halikuambii walichotaka, na namba moja ikijirudia juu kabisa ya orodha ndio dalili ya kwanza ya kutafuta. Panga kolamu ya kila siku kutoka kubwa kwenda ndogo, utaiona kwa macho.

Kusahihisha sio kubahatisha. Hizo siku 12 karibu zote ni Ijumaa mpaka Jumapili. Siku nyingine 17 za mfungo zilikuwa wastani wa lita 627. Ukirudi Ramadhani ya 2023, ambapo tenki lilikuwa bado halijawabana, Ijumaa mpaka Jumapili ziliuza asilimia 21 zaidi ya siku nyingine. Kwa hiyo hizo siku 12 zilitaka kama lita 759 kila moja na sio 700, pungufu ya 59 mara 12, karibu lita 700 nzima. Kwenye B34 badala ya 20,100 weka 20,800, paka seli rangi na uandike pembeni kwamba ni makadirio, ili mwakani mtu mwingine akifungua faili asidhani ni risiti. Ukishafanya hivyo Machi na Aprili zinakaribiana, zote zinasema 0.30 au hapohapo. Andika 0.30 kwenye L1 na shiti nzima inajihesabu upya, F sasa ni mauzo yasiyo na Ramadhani na H zako za Machi kwa miaka mitatu zitakaa 1.03 mpaka 1.05 badala ya kuruka kama zilivyokuwa zinaruka. Ukiona hazikutulia ujue tarehe za kolamu D umekosea mahali.

Kinachofuata ni rahisi. Tengeneza jedwali dogo la miezi 12, N ni namba ya mwezi, O ni wastani wa H za mwezi huo. Januari mpaka Juni una H tatu tatu, Julai mpaka Desemba mbili mbili. P inazisawazisha jumla iwe 12 kamili, isipofika hapo makadirio yote ya mwaka yatapinda juu au chini:

```
O2:  =AVERAGE(H8,H20,H32)
P2:  =O2*12/SUM($O$2:$O$13)
```

Julai ni H14 na H26 tu, endelea hivyo. Kwa data yako Februari inatoka 1.08, Machi 1.04, Aprili 0.95, Mei mpaka Julai 0.90, na Desemba 1.10. Inaingia akilini, joto la Dar la kuanzia Desemba watu wanataka kitu cha baridi, masika na kipupwe wanarudi kwenye chai.

Rudi kwenye jedwali kubwa, I inachukua fahirisi ya mwezi, yani ile namba ya P, J inagawa F kwa I ili ubaki na ukuaji mtupu usio na msimu wala mfungo, na huo ukuaji ndio unaoruhusiwa kunyooshwa kwa mstari. Ongeza mistari ya 2026 kuanzia mstari wa 44, jaza A, C, D na I, na J ya mbele itoke kwenye miezi 24 ya mwisho, halafu K ndio makadirio ya lita za mwezi:

```
I2:   =INDEX($P$2:$P$13,MONTH(A2))
J2:   =F2/I2
J44:  =FORECAST.LINEAR(A44,$J$20:$J$43,$A$20:$A$43)
K44:  =J44*I44*(1+$L$1*D44/C44)*C44
```

Unaona fomula ni ileile uliyoikataa, ila safari hii inanyoosha kitu ambacho kweli kimenyooka. Kwenye kompyuta za zamani kabla ya Excel 2016 iandike FORECAST tu.

Machi yako sasa. Kiwango cha J kinatoka lita 552 kwa siku, mara 1.04, mara 1.19 ya siku 20 za mfungo kati ya 31, unapata lita 685 kwa siku, kama 21,240 kwa mwezi. Excel yako ya kwanza ilisema 23,203, hiyo ni karibu lita elfu mbili za mtindi ambazo mngetengeneza na kuja kuzimwaga. Februari inatoka 18,350, wakati ukinyoosha Februari zako tatu kwa njia ile ya zamani ungepata 16,700 hivi na wateja wangewaishia mkononi. Aprili ni 15,850, sio 14,620 ya mstari. Yani njia ya zamani ingewaumiza mara tatu mfululizo.

Kabla hujampelekea meneja ijaribu. Kopi faili, futa mwaka 2025 wote, kadiria 2025 kwa data ya mpaka Desemba 2024 peke yake halafu linganisha na kilichotokea. Usidanganye kidogo hapa: L1 ya 0.30 umeipata kwa kutumia Aprili 2025, kwenye jaribio huijui bado, itafute upya kwa Aprili 2023 na Aprili 2024. Kumbuka pia kiwango cha G kitaishia Juni 2024. Halafu fanya na njia ya kijinga, mwezi uleule wa mwaka juzi ongeza asilimia ya ukuaji, uone nani kakosea lita nyingi zaidi. Kama njia ya kijinga inashinda kwenye miezi isiyo na mfungo usishangae, Septemba haihitaji ufundi. Faida yako unaitafuta Machi na Aprili.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza. Lita 685 kwa siku iko chini ya tenki la 700, meneja ataona iko salama ataendelea na mambo yake. Hiyo ni wastani wa mwezi, na mwezi huo una vipande viwili. Siku 20 za mfungo ni lita 552 mara 1.04 mara 1.30, kama 746 kwa siku, na siku 11 baada ya hapo ni 574 tu. Februari kuanzia tarehe 19 ni kubwa zaidi, 769, kwa sababu ya joto. Halafu ndani ya mfungo wenyewe kuna ile asilimia 21 ya wikiendi: Jumatatu mpaka Alhamisi zinatoka 690 hivi, zinaponea chupuchupu, lakini Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zinataka 830 mpaka 840. Kuna siku 13 za namna hiyo ndani ya mfungo huu, kila moja pungufu ya lita 130 hadi 140, jumla kama lita 1,780 ambazo tenki haliwezi. Na hamuwezi kutengeneza ziada Jumatatu mkaweka friji kusubiri Ijumaa, kwa sababu Jumatatu yenyewe tenki limejaa.

Kwa hiyo unapompelekea makadirio usimpe namba 12 tupu. Kwa Februari na Machi mpe mistari miwili miwili, siku za mfungo na siku za kawaida, na pembeni uandike hizo Ijumaa mpaka Jumapili 13. Mtindi unagandishwa usiku, kwa hiyo kama ni kuongeza chombo cha pili cha lita 150 au kukodi mapipa ya kugandishia, hiyo ni kazi ya mwezi huu wa Januari. Mwandamo ukisogea siku moja usihangaike kufanya hesabu upya, tofauti ya siku ya mfungo na ya kawaida kwa Machi ni lita 172, unahamisha siku moja kwenye kolamu D basi.

Kinachotaka umakini ni siku ya pili ya Idi. Uzalishaji ushuke siku hiyohiyo kutoka mia saba na kitu mpaka 574, halafu Aprili 528, na wakati huo masika yamekolea, majani yapo, wafugaji wanaleta maziwa mengi kuliko wakati wowote. Ongea na watu wa mapokezi mapema maziwa hayo yanaenda wapi, kwa maana mtindi hautayabeba. Na kuanzia tarehe 19 Februari aliye dukani aandike saa ambayo mtindi umeisha kila siku unapoisha. Kolamu moja tu, saa. Januari ijayo ukikaa kupiga L1 upya hutakuwa na haja ya kukisia siku zile za 700.